Elfu Tisa ya Wapi?

Mama mkwe wangu hufufua cherehani. Mashine ikiletwa kwake imekufa, yeye huifungua, huisafisha, huitia mafuta na kuirudishia roho. Zile ambazo wenyewe wamezikatia tamaa huzinunua, huzitengeneza, kisha huziuza. Lakini hagusi mashine yoyote kabla ya kuiandikia bei ubavuni kwa chaki. Bei kwanza, bisibisi baadaye, ndiyo sheria ya karakana yake. Akishaandika hapunguzi wala haongezi, hata umlilie. Mtaa mzima unamwita Mama Bei Moja.

Mimi ananiita Robo. Alianza kuniita hivyo wiki ile ile nilipomwoa binti yake, miaka saba iliyopita, na mimi nikalichukulia kuwa ni utani wa ukweni, maana kimo changu si cha kujivunia. Nilimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, naye aliniitikia kama mtu anayepokea barua ya kodi. Nilikuja kuishi kwao kutoka nchi jirani, sina ndugu hapa, na kusema kweli nilikuwa na hamu moja tu: siku moja yule mama aniangalie kama anavyoiangalia mashine iliyokubali kushona.

Kwa hiyo mke wangu alipopendekeza tumpige mama yake picha akiwa kazini na kuziweka video mtandaoni, nikaona mlango umefunguka. Mke wangu akashika simu ya kurekodi. Mimi nikajitwika maelezo, yale maandishi yanayokaa chini ya video. Nilisoma, najua kuandika, na kwa kweli nilijipenda kidogo.

Video ya mashine nyeusi ya mkono ndiyo iliyotutoa. Chini yake niliandika: “Imara kama ahadi ya mzee, inaimba kama njiwa. Mashine iliyofufuliwa, kwa 9,000 tu!” Kwenye picha ya mbele nikaibandika 9,000 kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko uso wa mama mkwe. Jina la sarafu sikuliweka. Niliona linaharibu sentensi. Isitoshe, ndani ya video chaki inasomeka 9,000, na Mama mwenyewe anasema “elfu tisa” basi, kama anavyosema kila siku, kwani nani karakanani aliwahi kumuuliza ni elfu tisa ya wapi?

Watazamaji wakaja kwa maelfu. Ule ukurasa wa takwimu ulionyesha kwamba karibu nusu yao wako ng'ambo ya mpaka, nchi niliyozaliwa mimi, na nikamtangazia mama mkwe habari hiyo wakati wa chakula kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Alisema vizuri, akaomba chumvi.

Kisha maoni yakaanza kuwa machungu. Wengine walisema tunauza mashine za wizi, maana kwa bei hiyo hata gurudumu lake hupati. Wengine waliandika kwamba wamepiga simu, wakaambiwa bei nyingine, na kwamba sisi ni matapeli. Yale makali niliyafuta. Yale ya upole niliyajibu kwa upole. Mama mkwe hasomi maoni, na mimi sikuona haja ya kumsumbua.

Siku ya Jumanne asubuhi aliingia mwanamke mmoja karakanani, mkoba begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwalimu wa ushonaji kutoka ng'ambo. Wanafunzi wake kumi walikuwa wakisubiriana kwenye mashine mbili, wakachanga fedha, wakamtuma. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, akaangalia zile mashine nyeusi zilizopangwa ukutani, uso ukamng'aa, akasema atachukua tano. Akafungua mkoba na kuweka mezani elfu arobaini na tano.

Mama mkwe aliziangalia zile noti kwa muda mrefu. Halafu, jambo la ajabu, aliniangalia mimi.

“Hizi ni za kwenu,” alisema.

Ni lazima nieleze hapa. Elfu tisa ya huku, ukienda nayo duka la kubadilishia fedha, unapata kama elfu thelathini na sita ya kule. Moja kwa nne. Kwa hiyo mwalimu alikuwa amekuja na fedha za mashine moja na kachenji, akidhani amebeba tano. Mama mkwe alimweleza pole pole, kwa chaki, juu ya meza. Yule mwalimu hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akazifunga noti zake tena moja moja kwenye kitambaa, na mimi nikatamani angepiga kelele.

Mtu akibanwa hujitetea hata kwa jani. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika, kwamba mambo haya hutokea, ila mtu makini angeuliza kabla ya kusafiri.

Mwalimu akatoa simu yake na kumpa mama mkwe, si mimi. Mama mkwe akavaa miwani na kusoma kwa sauti. Swali: “Samahani ndugu, ni elfu tisa ya wapi?” Jibu, kutoka kwetu: “Bei ni ileile kwa wote, dada. Hatubagui! Karibu sana.”

“Aliyejibu ni nani?” aliuliza mama mkwe.

Mke wangu alikuwa amegundua kitu cha kuvutia sana kwenye dari.

Nilikiri. Nilitaka na ardhi ikiri pamoja nami kwa kupasuka. Mama mkwe akaniambia nimsomee maoni yote, pamoja na yale niliyoyafuta, maana mke wangu alikuwa ameyapiga picha kabla sijafuta; katika ndoa hakuna siri. Nikasoma. Nilipofika kwenye neno tapeli akaniambia nirudie. Miaka thelathini na mbili alikuwa amelinda jina lake kwa kipande cha chaki, na mimi nilikuwa nimelichafua kwa mwezi mmoja, kwa lugha nzuri.

Bei haikushuka, hata siku hiyo. Mwalimu alipata mashine moja, kwa kiwango ambacho mke wangu alikwenda kukiuliza kwa mbadilisha fedha saa hiyo hiyo, na nauli yake ya kuja na kurudi ikaandikwa kwa chaki kwenye droo ninayowekea vitu vyangu, kuwa deni langu. Kabla ya kuondoka, mama mkwe alimwomba jambo moja: akae tuandike maelezo upya, yeye asome kama mtu aliye ng'ambo, na pasipoeleweka aseme.

Nikaandika: bei ni 9,000 katika sarafu ya hapa. Mwalimu akasema, “Hapa ni wapi? Mimi niko jikoni kwangu.” Nikaweka jina la sarafu pamoja na la nchi, na zile herufi tatu ambazo mabenki huitambulia. Nikaongeza kwamba ni takriban 36,000 za kwao. Akauliza, takriban ya lini? Nikaweka tarehe ya kiwango, nikaeleza kwamba kiwango hupanda na kushuka, na kwamba tunachodai ni ile bei ya huku. Ya kule ni ya kumsaidia mtu kupima tu. Akauliza kama usafirishaji umo. Haumo. Na ushuru wa mpakani? Haumo pia. Nikaandika. Nikaweka na makadirio ya dola kwa walio mbali zaidi. Mistari ya bei ikapanda juu kabisa, kabla ya njiwa, kwa sababu mtazamaji huona mistari miwili mitatu tu mpaka abonyeze kufungua mingine. Picha ya mbele nikaibadilisha. Sauti ndani ya video haibadiliki bila kuiondoa video, kwa hiyo nikabandika maelezo yale yale na samahani yetu juu ya maoni yote, mtu ayaone kwanza.

Nilinung'unika kwamba sasa limekuwa tangazo la mnada, utamu wote umekwisha.

“Andika, Robo,” alisema mama mkwe. “Mimi nimekula bei isiyo na jina miaka saba. Najua utamu wake.”

Nikamuuliza bei gani hiyo.

Akaniambia, bila haraka, huku akipangusa bisibisi. Siku ya mahari wajomba zangu walikaa sebuleni kwake, wakakubaliana na wazee laki mbili. Marehemu mume wake akauliza, “Laki mbili ya wapi?” Mjomba wangu mkubwa akacheka, akajibu kwamba laki mbili ni laki mbili. Siku ya kulipa zikaja noti za kwetu, nzuri, mpya, zimefungwa kwa utepe. Mama mkwe alipokwenda kuzibadilisha akapewa elfu hamsini. Alitaka kuzirudisha, mumewe akamkataza: mtoto hauzwi, na kijana huenda hajui.

“Kwa hiyo Robo,” nilisema.

“Robo,” alisema. Mwalimu alijikohoza kwa nguvu ndani ya khanga yake.

Nilitoka nje kumpigia mjomba. Miaka saba nilikuwa nimejinyoosha mgongo kwa ajili ya kimo changu, kumbe si kimo. Mjomba hakukana hata kidogo. Alifurahi kukumbushwa. Akasema ndiyo, tulisema laki mbili tukalipa laki mbili, wao ndio hawakufuatilia; mtu makini angeuliza.

Maneno yalikuwa yangu. Niliona aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni, si kwa ajili ya mjomba bali kwa ajili yangu, maana yeye alidanganya akijua na mimi nilidanganya kwa kupenda sentensi, na aliyekaa kwenye kigoda akifunga noti zake hakujua tofauti.

Nikambebea mwalimu mashine yake mpaka kituoni. Niliporudi mama mkwe alikuwa peke yake, ameinamia mashine mpya, chaki mkononi. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia nitamaliza mahari, kidogo kidogo, kutoka mfukoni mwangu mwenyewe, kwa fedha ya huku.

Akasema hakunidai na hanidai.

Nikasema najua, lakini nitalipa. Kisha likanijia swali, na kabla sijajizuia likanitoka:

“Ila, Mama, zile zilizolipwa tuzipige kwa kiwango cha leo au cha siku ile ya mahari?”

Aliweka chaki chini. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza, namna anavyoiangalia mashine iliyokataa siku nyingi halafu gurudumu likazunguka. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

“Haya,” alisema, akijifuta macho. “Leo umekuwa Nusu.”