Mkojo wa Heshima

Kituoni pale kila aliyepita dirisha la maabara alimwita Mama Vichupa, naye hakulikataa jina. Vichupa vilikuwa vimemlisha miaka kumi na tisa. Kilichomchosha ni watu. Mtu anapewa kichupa safi chenye kifuniko, anaelezwa taratibu kama mtoto kwamba mkojo wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati, kisha anarudi na chupa ya dawa ya kikohozi iliyobakiwa na dawa chini, na uso wa mtu aliyeleta zawadi.

Asubuhi hiyo watatu walikuwa wameshamtibua. Wa kwanza alikuwa kijana wa mazoezi, mkojo wake wa kahawia kama chai ya rangi iliyochemka mno. Juzi alichuchumaa na vyuma mabegani mara mia tatu, kisa mashindano na mwenzake, na sasa mapaja yamevimba hata kukaa hawezi.

"Ni juisi ya bitiruti," akasema. "Mwalimu wetu ametuambia ni kawaida."

"Mwalimu wako anafundisha figo au mabega?"

Kijiti cha kupimia kikasema damu, lakini kwenye darubini hakukuwa na chembe nyekundu hata moja. Mama Vichupa aliujua ushahidi huo: hiyo si damu, ni misuli iliyosagika, inamwaga uchafu wake kwenye figo. Akamshika mkono na kumwingiza kwa daktari bila foleni, apelekwe hospitali kubwa saa ileile.

Wa pili alikuwa mjamzito, mkojo umechafuka kama maji ya kuoshea mchele, unachoma, na sasa homa na maumivu ya mgongo yameanza. Wiki nzima alikuwa akingoja upoe wenyewe. Huyu naye ni wa leo, si wa kesho. Wa tatu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba anakufa. Mkojo wake ulikuwa wa manjano iliyokoza, kijiti kisafi, na tangu jana mchana alikuwa hajanywa kitu ila soda moja.

"Nenda kanywe maji," akamwambia. "Rangi ikibaki hivyo hivyo hata ukinywa, au macho yakiwa ya manjano, ndipo urudi unipigie hizo kelele."

Alipoondoka, Mama Vichupa akamgeukia mfagiaji. "Unawaona? Wa kukimbia wanatembea, na wa kutembea wanakimbia."

Ndipo kaka yake mkubwa alipotokea dirishani. Mjini alijulikana kama Fundi Rangi. Miaka thelathini alikuwa akichovya ngozi na vitambaa katika mapipa ya rangi, mikono mitupu, sigara mdomoni, kucha za zambarau hata siku za harusi. Alijisifu kwamba anazijua nyekundu tisa, na mteja aliyeichanganya ya nne na ya tano alirudishiwa kitambaa chake. Leo alishika chupa ya kioo iliyooshwa ikang'aa, karatasi yake imebanduliwa, imefungwa kwa leso iliyopigwa pasi.

"Mdogo wangu, nipimie tu. Nina safari, nataka niwe na amani."

Mama Vichupa alicheka. Mwaka jana kaka huyohuyo alikuja na mkojo kwenye chupa ya mafuta ya nywele, naye akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba mkojo wake ni msafi kuliko chupa yake, na chupa ni safi kuliko akili yake. Akaumwaga kwenye sinki, watu wakavunjika mbavu. Fundi Rangi naye alicheka, akaenda zake, na kisa kile dada mtu alikisimulia katika kila shughuli ya ukoo.

"Angalau safari hii umeiogesha chupa," akasema.

Akauinua kwenye mwanga. Mweupe, hauna wingu wala harufu. Alichovya kijiti kwa ajili ya kumtania tu, amwonyeshe anavyopoteza muda wa watu. Kidirisha cha damu kikageuka kijani, yaani damu ipo. Akachovya kijiti kingine, kikageuka tena. Akauzungusha kwenye mashine, akaangalia kwa darubini, na chembe nyekundu zilikuwepo, zimetapakaa.

Akarudi dirishani akiwa hacheki tena, ila ulimi ulikuwa uleule.

"Nyumbani umeona nini?"

"Hakuna."

"Kaka."

"Kulikuwa na wekundu wekundu kidogo. Ukapita."

Alimjua. Akimbembeleza, atafunga mdomo mpaka jioni. Akachukua kalamu.

"Sawa. Namwandikia daktari waridi. Waridi hafifu, kama mtu aliyekula bitiruti."

Fundi Rangi aliruka kana kwamba ametukaniwa mama yake. "Waridi? Wewe tangu lini unajua waridi? Ile ilikuwa nyekundu nzito, ile ya tisa, inayoelekea kwenye kahawia, na ndani yake vipande vyeusi kama maini. Usiniandikie waridi."

Foleni nzima ikamgeukia. Mwenyewe akasikia alichokisema, akakaa kwenye benchi.

"Iliuma?"

"Ingeuma ningekuja mapema."

"Na huu mweupe umeutoa wapi?"

"Nimengoja wiki tatu usafike," akasema kwa sauti ya chini. "Nikuletee ule wewe, mdogo wangu, mbele za watu?"

"Umefagia nyumba ndipo ukamwita askari aje aangalie nyayo za mwizi," akamwambia. "Damu inayouma, mara nyingi ni kijiwe au uambukizo, na maumivu yenyewe yanamleta mtu hapa. Hii inayokuja bila maumivu na kuondoka bila kuaga, kwa mvutaji wa umri wako, mwenye mikono iliyoshinda kwenye rangi kama yako, ndiyo inayotakiwa kutafutwa, isije ikawa saratani. Huendi safari. Wiki hii unaingiziwa kamera, waangalie kibofu. Na vile vipande vikikuziba ukashindwa kukojoa, hungoji wiki, unakuja dakika hiyohiyo. Umesikia?"

"Nimesikia. Punguza sauti."

Hakupunguza. Alimwongoza mpaka chumba cha daktari akimsema njia nzima, maana akinyamaza angelia, na kulia mbele ya kaka hakukuwa mpango wake.

Daktari alisoma majibu, akavuta fomu ya rufaa. "Mara ya kwanza kuona damu ilikuwa lini, mzee?"

Fundi Rangi alimtupia dada yake jicho moja, la haraka. "Mwezi uliopita."

"Ndiyo mara ya kwanza kabisa?"

"Kabisa."

Mtu asiyeweza kuvumilia rangi isemwe vibaya alikuwa amekaa pale anadanganya tarehe, macho sakafuni. Mama Vichupa akamtazama.

"Kaka. Ile chupa ya mafuta ya nywele."

"Achana nayo."

"Ulikuja kwa sababu gani siku ile?"

Alisugua kucha zake za zambarau.

"Andika mwaka jana, daktari," Mama Vichupa akasema. "Alileta mkojo upimwe. Nilimcheka mbele za watu, nikaumwaga."

Daktari aliandika mwaka jana. Pale alipokuwa ameandika wiki hii, akakata, akaandika kesho.

"Hukuwa na kosa," Fundi Rangi akamwambia wakiwa mlangoni. "Siku ile ulikuwa mweupe kabisa. Hapakuwa na kitu cha kuona."

"Kijiti nilikuwa nacho," dada yake akasema.