Gauni la Kijani Lililoandikwa Vibaya

Mathenge alikuwa ameshika waya wa mashine yangu ya ovaloki, anauzungusha mkononi kama mali yake. Tulikuwa tumeelewana: nguo haziuziki, yeye anunue mashine, mimi nirudi kulima viazi Kuresoi. Magauni yangu ya kijani yalikuwa yanarudishwa kutoka kila mahali. Yakifuliwa yanaruka, yanakuwa mafupi, wateja wanalia. Mimi nilishajiona fundi bure kabisa.

Hapo ndipo Cate, wifi yangu anayeniwekea nguo mtandaoni, akanisomea barua iliyotoka Nakuru mjini, kwa Jemutai, mnunuzi wa duka moja la nguo.

"Dada Wangare, gauni nililoagiza la kuangalia nimelipata. Tangazo lenu linasema ni polyester, mkato wa kunyooka. Si kweli."

"Ala!" nikaruka. "Nguo nimekata mwenyewe, aniambie ni ya nini? Ana kiburi huyo!"

"Ngoja basi, mama wee," Cate akasema, akaendelea.

"Nilitoa uzi kwenye pindo nikauchoma. Ulinuka kama karatasi, ukaacha jivu laini. Polyester ingeyeyuka, ibaki kidonge kigumu. Hii ni reyoni, kitambaa cha nyuzi za miti. Tena imekatwa mshazari. Ndiyo maana kwa hanga inalegea na kuonekana nyembamba, lakini mtu akivaa inamwangukia vizuri ajabu. Anayedhani ni polyester atafua na maji moto, iruke, aseme fundi ni mbaya. Andikeni reyoni, mkato wa mshazari, ifuliwe na maji baridi kwa mkono. Mkirekebisha, nitaagiza arobaini. Aliyekata nguo hii anajua kazi. Asiharibiwe jina na tangazo."

Nilimgeukia Cate. "Wewe uliandika polyester?"

"Si niliangalia picha! Inang'aa, imenyooka kwa hanga, nikaona inafanana na zile za mwaka jana. Nikachukua maneno yale yale."

Ningemrarua, haki ya Mungu. Reyoni ile niliichagua mwenyewe, nikailaza mezani mshazari, nikala hasara ya kitambaa kwa sababu mkato huo unakula sana. Halafu tangazo langu mwenyewe linakana kazi yangu! Hata kuliangalia sikuwahi. Mjinga nilikuwa mimi pia.

Lakini hasira haikukaa. Huyo mwanamke wa Nakuru hatujawahi kuonana. Angeweza kurudisha gauni na kunitukana kama wengine. Badala yake alikaa chini, akachoma uzi, akavaa nguo, akaniandikia vizuri hivyo. Nilimpenda papo hapo, nikalia mbele ya Mathenge bila aibu.

Cate alishaanza kufuta neno polyester kwa simu.

"Sasa, mama, mashine nibebe ama nisibebe?" Mathenge akauliza.

"Weka waya chini, boss," nikamwambia, nikipangusa macho. "Hiyo mashine ina kazi."