Nusu Saa ya Tindo

Phelister alikuwa ameshazoea kusikia vikaragosi vyake vikiongea. Mchana, jua likipasha mabati ya Shauri Moyo na usingizi ukimchezea machoni, Tindo alikuwa akimlalamikia pale mezani kwamba amechoka kungoja maneno. Tindo mwenyewe alikuwa sponji ya godoro na vifungo viwili vya koti, lakini mdomo, weh, alikuwa nao.

Maneno yalikuwa yamekamilika. Kila ukurasa ulikatwa katikati, Kiswahili kushoto kwa watoto wa chekechea moja Mukuru kwa Reuben, Kiingereza kulia kwa Waithera, afisa wa shirika lililoagiza mchezo. Waithera alikuwa ameshaupitisha: dakika kumi na tano, Jumatatu asubuhi. Tindo anachuja maji kwa kitambaa, anatia kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vidudu kwenye ndoo ya lita ishirini, anakoroga, anangoja nusu saa, anakunywa. Phelister alikuwa ameuandika huku akimfikiria Celine, mtoto wa dada yake Triza, ambaye mwaka jana kipindupindu kilimlaza siku tano na sindano ya maji mkononi. Alitaka asiwepo mtoto mwingine wa kulazwa vile. Hilo tu.

Ijumaa hiyo Triza alipanda kutoka Mukuru kwa Njenga na Celine, waje waone mazoezi. Okumu, mwenzake Phelister wa kuchezesha, alishika kitambaa cha pazia. Mchezo ukaenda vizuri mno, Celine akacheka mpaka akakaa chini. Ulipoisha, watu wazima wakaanza kupiga soga. Walipogeuka, mtoto alikuwa ameshatia kifuniko kimoja cha dawa kwenye ndoo ya pale jikoni, ameshakoroga, na kikombe kimeshafika mdomoni.

Triza alikipokonya. Celine akashangaa, maana yeye alikuwa amefuata kila kitu alichokiona.

"Tindo alikunywa saa hiyo hiyo," akasema.

Phelister akakimbilia karatasi zake kujitetea. Nusu saa ilikuwepo jamani, kushoto na kulia, imeandikwa kwenye mabano: muda unapita. Pale chini ya pazia, muda ulikuwa umepita kwa Okumu kuhesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo. Mabano ni ya kusomwa na watu wazima. Waithera alikuwa ameyasoma, Phelister mwenyewe alikuwa ameyaandika, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye angeyaona. Alijisikia mjinga, na baada ya ujinga ukaja woga. Triza hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akampigia Waithera. Waithera hakuwa mbaya, alikuwa na ratiba tu. Alimweleza kwamba mchezo umeshapitishwa kwa dakika kumi na tano, na kwamba kubadilisha sasa ni kuhatarisha Jumatatu yenyewe.

"Maji yanangoja nusu saa, mama. Basi na mchezo ungoje," Phelister akasema.

Waithera akamwambia amtumie lugha zote mbili kabla ya saa nne kesho, aone.

Phelister akaketi. Mwanga wa jioni ukaingia kwenye kikombe cha chai, ukachezacheza ukutani kama maji, na Tindo akaanza kusema kwamba ana kiu. Ana kiu kweli. Amwangalie nani, aende wapi, afanye nini kwa nusu saa nzima? Basi Phelister akampa ndoto. Tindo akatia dawa mwanzoni kabisa, kwenye ndoo halisi, mbele ya watoto, akafunika, kisha akasinzia na kuogelea ndani ya maji, akikutana na vidudu vinavyoimba huku vikizimika kimoja kimoja, polepole. Kiingereza kikamsumbua, wimbo wa vidudu ukawa baridi upande wa kulia, akauacha uwe maneno ya kawaida tu. Mabano yote ya muda akayafuta pande zote mbili. Saa tatu asubuhi alituma, na saa nne kasoro Waithera akajibu kwa neno moja: sawa.

Jumatatu, Mukuru kwa Reuben, watoto arobaini sakafuni. Dawa ikaingia ndooni, mfuniko ukafungwa, Tindo akalala, akaogelea, akaota. Dakika ya ishirini hivi akaamka, kama ilivyoandikwa, akanyoosha mkono kuelekea kikombe. Phelister alikuwa amemwandikia mwalimu maneno ya kumzuia.

Mwalimu hakupata nafasi.

"Bado!" wakapiga kelele wote arobaini, na msichana mmoja wa mbele akainuka, akaja kukalia mfuniko wa ndoo.

Nyuma ya pazia, mkono juu, Phelister alilia bila sauti, kwa furaha, na Tindo ikambidi angoje.