Karatasi ya Watu wa Mwihoko

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Emmah alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa kule Thika akihesabu watu kwa macho na kuwachukia. Si kwamba walikuwa wamemkosea. Walikuwa wamekuja, basi. Kina mama wenye leso mabegani, wazee wenye kofia, vijana wenye kalamu masikioni, wote wameitwa na wote wamefika, na kila aliyevuka kizingiti alimkata maini.

Watu mia moja na hamsini walikuwa wamealikwa kwenye mafunzo ya vikundi vya kufuga kuku. Chakula kilichoagizwa kilikuwa cha watu mia moja thelathini na wawili. Pengo hilo lilijulikana na Emmah na Mungu peke yao, na siku hiyo hata Mungu alionekana kama amenyamaza kwa makusudi.

Ilianza na uvivu mdogo, ule ambao sote tunaufanya tukidhani ni ujanja. Bajeti ya mafunzo haya Emmah hakuiandika upya. Alifungua ile ya mwaka jana, akabadilisha tarehe na idadi, akaituma. Chai ya saa nne, mandazi mawili na yai, shilingi mia moja hamsini. Wali, chapati, nyama na kabeji, mia nne hamsini. Maji chupa mbili, themanini. Soda, sabini. Jumla mia saba hamsini kwa kila mtu, na kwa watu mia na hamsini ikawa laki moja na elfu kumi na mbili na mia tano. Wafadhili wakaipitisha bila swali.

Shida ni kwamba mafunzo ya mwaka jana yalikuwa ya nusu siku. Watu walikula mchana wakaenda zao. Haya ya sasa yalikuwa yafike saa kumi na moja jioni, na hakuna Mkenya utakayemkalisha kwenye kiti cha plastiki mpaka jioni bila chai ya saa kumi. Emmah aligundua hivyo akiwa anapiga chapa ratiba, wiki moja kabla. Chai na andazi moja, shilingi mia kwa kila mtu. Elfu kumi na tano ambazo hazikuwepo popote.

Angeweza kumwambia bosi wake, Bedan. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake, kijana aitwaye Eddie, alifutwa kwa kukosea hesabu ya malazi ya watu wanne. Bedan alilisema hilo kwenye mkutano huku akimenya ndizi, polepole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Emmah akaogopa. Kwa woga huo akafanya hesabu nyingine: mia nane hamsini kwa kila kichwa, mara mia moja thelathini na wawili, inatoshea kwenye pesa zilizopitishwa na mia tatu zinabaki. Watu kumi na wanane watakosa kuja, alijiambia. Lini watu wamewahi kuja wote?

Huwa hawaji wote, ni kweli. Ila barua za mwaliko zilisema kila mtu atarudishiwa nauli, shilingi mia tano, jioni baada ya kutia sahihi. Mtu gani wa mitaa kama Landless ama Kiandutu angekosa siku ya chai mara mbili, nyama, soda na mia tano? Emmah aliandika barua hizo kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwahi kuziweka pamoja na ile hesabu yake kichwani.

Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na nafasi thelathini. Ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu, ya nne. Saa nne kasoro robo ya tano ikaanza, na waliokuwa wakijiandikisha humo ni watu wa Mwihoko, waliotoka mbali kuliko wote na kuchelewa kwa sababu hiyo. Emmah alisimama nyuma ya mama mmoja akiangalia kalamu inavyotembea. Mia moja thelathini na tatu. Mia arobaini. Mia hamsini. Halafu akakumbuka madereva watatu, wakufunzi wawili, Bedan, askari wa mlangoni na yeye mwenyewe. Wanane ambao hata kwenye bajeti ya mwaka jana hawakuwemo.

Akakimbia jikoni nyuma ya ukumbi. Nakhumicha, mpishi, alikuwa amejifunga kitenge akikoroga sufuria ya nyama kwa mwiko mrefu kama jembe.

"Mama, nimekufa," Emmah alisema. "Watu ni mia hamsini na nane."

Nakhumicha hakuacha kukoroga. "Uliniambia mia thelathini na mbili."

"Najua."

"Mimi huwa naongeza kumi kwa mia, ya watu kama hawa wanaotokea. Lakini wewe ulinifinya na bei mpaka nikaongeza sahani tano tu. Niko na mia thelathini na saba. Hizo zingine ishirini na moja nitoe wapi, msichana wangu? Nizae?"

Emmah alianza kulia. Si kilio cha sauti; machozi tu yalikuwa yakishuka na hakuyafuta.

"Wacha hiyo," Nakhumicha alisema, sasa ameweka mwiko chini. "Skiza. Chai si shida, chai inaongezwa maji na maziwa. Mandazi tunapeana moja moja, mwenye kurudi anapata ingine kama iko. Nyama ndio shida. Ukiwaachia watu wajipakulie, wale hamsini wa kwanza watamaliza, na wa mwisho watanikula mimi. Nitasimama hapo mwenyewe na kijiko. Wali kwanza, kabeji, chapati, nyama mwisho kabisa, kipimo kimoja. Madereva, walimu na nyinyi wa ofisi mtakula mayai ya mchuzi. Natuma mtu sokoni saa hii alete mayai, mchele na soda. Elfu sita na mia tatu."

"Niko na elfu mbili na mia moja kwa simu."

"Leta hiyo. Elfu nne na mia mbili utanipatia jioni. Na usinikimbie, mimi niko na watoto pia."

Emmah akatuma pesa hizo palepale. Zilikuwa sehemu ya kodi ya nyumba.

Kutoka saa nne hadi saa saba hakusikia neno lolote la mafunzo. Mkufunzi alizungumzia chanjo ya kuku, watu wakacheka mahali, wakapiga makofi mahali pengine. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma akihesabu tena na tena, kana kwamba akihesabu vizuri watu watapungua. Hawakupungua. Mzee mmoja wa Landless alitoka nje, Emmah akaomba awe ameenda kabisa, lakini alikuwa ameenda msalani.

Saa saba foleni ikaanza. Nakhumicha alisimama mwisho wa meza, upande wa nyama, na hakuna aliyepita na zaidi ya kipimo kimoja. Mwanamume mmoja aliomba aongezewe, akaambiwa, "Baba, kula kwanza hiyo." Emmah alisimama karibu na sufuria akiangalia sehemu yake ya chini ikianza kuonekana. Watu wa Mwihoko walikuwa mwisho wa foleni. Walipobaki kumi sufuria ilikuwa inakwaruzwa, walipobaki watatu Nakhumicha aliigeuza upande. Wa mwisho kabisa, mama aitwaye Ndunge, alipata nyama mbili ndogo na mchuzi mwingi, akashukuru, akaenda kuketi.

Hapo ndipo woga ungefaa kuisha. Lakini Bedan alikuwa amekuja na sahani ya mayai mkononi, akiiangalia.

"Emmah. Mbona mimi nakula mayai?"

Alijaribu kupanga uongo na ukakosa kupangika. Akamwambia yote: bajeti ya mwaka jana, chai ya saa kumi, ile idadi aliyoipunguza, deni la jikoni. Bedan alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake haukukasirika, na hilo lilimwogofya zaidi, maana aliuona umepauka. Kumbe naye alikuwa na hofu. Sahihi yake ndiyo iliyokuwa chini ya ile bajeti.

"Risiti ya mpishi inasema watu mia thelathini na mbili," alisema taratibu. "Mahudhurio yanasema mia hamsini. Wafadhili wakiona hivyo watauliza wale wengine walikula nini, na tutakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Sasa, fanya hivi. Ile karatasi ya mwisho ina watu wangapi?"

"Thelathini."

"Futa kumi na wanane wa chini. Andika karatasi ingine. Unawaambia walichelewa, hawakuandikishwa, nauli haiko. Hiyo ni elfu tisa. Mlipe huyo mama wa jikoni, inayobaki tutaona. Hesabu inalingana, na mimi na wewe tuko sawa. Mkataba wako nitausaini kesho."

Akamwachia sahani ya mayai mkononi, akaingia ndani.

Chai ya saa kumi ilinywewa na wote, andazi moja moja. Emmah hakunywa. Alikuwa na bahasha ya nauli, elfu sabini na tano, na karatasi tano mapajani. Ya mwisho ilikuwa na majina ya watu waliotoka Mwihoko alfajiri, waliolipa nauli kubwa kuliko wote waliokuwa ukumbini, kwa sababu alikuwa amewaandikia barua wakamwamini. Halafu kulikuwa na mengine. Mkataba, kodi, Nakhumicha jikoni akiosha sufuria zake huku deni lake halijalipwa. Hakuwa shujaa, na mwenye kusimulia hataki kumsingizia ushujaa. Alitamani sana kuichana ile karatasi. Aliishika kwenye pembe na kuikunja kidogo.

Saa kumi na moja Bedan alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, akimwangalia. Watu mia moja na hamsini walikuwa wakisubiri nauli.

Emmah akainuka. Aliweka zile karatasi nne za juu chini ya kiti, akabaki na ya tano, na akaanza kuisoma kutoka chini kwenda juu.

"Ndunge Kaveke."

Mama aliyekula nyama mbili ndogo alikuja mbele akijifunga leso. Alitia sahihi, akapokea noti ya mia tano, akaigeuza kwenye mwanga kama afanyavyo mtu aliyewahi kupewa bandia. "Nashukuru, msichana," alisema. "Nilikuwa nimekopa ya kuja."

Bedan alitoka mlangoni. Emmah alimwona akienda, akajua kesho ni siku ya namna gani, na noti ya pili ikamwanguka. Aliiokota, akaita jina lililofuata.