Tangazo la Nusu Dakika

Kituoni walimwita Bi Sekunde, naye hakuchukia. Ndiye aliyeandika matangazo ya nusu dakika yanayosomwa moja kwa moja kabla ya taarifa ya habari, na sifa yake ilikuwa kwamba tangazo lake halizidi wala halipungui. Ilibidi iwe hivyo, maana mtambo hauna huruma. Nusu dakika ikitimia, unafunga kipaza sauti na kuingiza habari, hata msomaji awe katikati ya neno.

Kipimo chake kilikuwa koo la mtangazaji, Mzee Sauti. Huyo husoma maneno mia na kumi kwa dakika, kwa hiyo nusu dakika yake ni hamsini na tano. Hata hivyo Bi Sekunde hakuiamini hesabu mpaka asome kwa sauti, saa mkononi. "Jicho linakimbia kuliko ulimi," aliwaambia waandishi wapya. Kumbe mhubiri naye huhitaji kuhubiriwa.

Jioni moja watu wa bwawa walipiga simu wakihema. Bwawa limejaa, wataachia maji, watu waambiwe sasa hivi. Bi Sekunde akaandika haraka: mageti yote yatafunguliwa saa 12:30, wakazi wa bondeni wapande juu, mwenye shida apige namba hii. La uzito akaliweka mwisho, ili libaki masikioni: "Geti la kwanza limeshafunguliwa. Daraja la chini lisivukwe kuanzia sasa, hata kwa miguu."

Kompyuta ikamhesabia maneno hamsini na tano barabara. Nyuma ya kioo Mzee Sauti alikuwa anamwita kwa mkono. Bi Sekunde hakusoma kwa sauti. Akampelekea.

Lakini kwa kompyuta, namba ya simu ni neno moja. Mdomoni ni tarakimu kumi, na Mzee Sauti alizitamka moja moja, kwa heshima, ili watu waandike. Saa nayo, iliyokaa kwenye karatasi kama kitu kidogo tu, ikawa "saa kumi na mbili na nusu". Alisoma mpaka mwisho, akainua dole gumba. Ndani ya studio kila neno lilisikika.

Kwenye redio ndogo ya mezani kwa Bi Sekunde, namba ya simu iliisha na muziki wa habari ukaingia.

Alikimbia mpaka mlangoni mwa studio. "Haikutoka! Ya daraja haikutoka!"

"Nimesoma yote, mwanangu," alisema Mzee Sauti.

"Umejisomea mwenyewe, baba!"

Fundi mitambo akaruka kwenda kukata habari ili tangazo lirudiwe. Bi Sekunde akashika simu. Mdogo wake aliuza maziwa mjini na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mto. Alipokea mara moja, tena kwa furaha.

"Dada! Nimelisikia tangazo lako redioni. Saa kumi na mbili na nusu, si ndiyo? Kila mtu anakimbilia kuvuka kabla hawajafungua. Mimi niko darajani tayari."

"Rudi! Geti liko wazi! Rudi sasa hivi!"

"Nini? Maji yanapiga kelele, dada, sema kwa—"

Alisema kwa nguvu. Alipiga kelele mpaka fundi akaacha vitufe na kumtazama. Simu ilikuwa imekatika.

Watu wanne walitolewa mtoni kesho yake, mdogo wake akiwa mmoja wao. Meneja alisema maji hayana adabu. Mama yake Bi Sekunde, masikini, aliwaambia waombolezaji kwamba angalau binti yake aliwaonya watu. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Bila tangazo lake wangevuka kwa wakati wao, mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyewaharakisha. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini huyu hakungoja ukoo ukue.

Jioni familia ilimwomba aandike tangazo la msiba. Nani mwingine angeandika? Wakampa nusu dakika ileile. Akaandika jina la marehemu, saa ya maziko, jina la makaburi, na waliobaki: mama, mke, watoto wawili na dada. Safari hii hakuacha tarakimu hata moja. Kila namba aliiandika kwa maneno, kama itakavyotamkwa.

Kisha akashika saa, akasoma kwa sauti, polepole, kwa mwendo wa Mzee Sauti. Machozi yalimkwamisha, akaanza upya. Mara ya tatu alifika mwisho bila kusimama. Likazidi kwa sekunde moja.

Alitafuta cha kukata. Makaburi hayakatiki. Saa haikatiki. Mama, mke, watoto, hawakatiki.

Akafuta "na dada". Akasoma tena, nalo likaenea sawasawa.