Gaudiosa Amnyima Mjomba Wake ED

Soko huria lilipokwisha kuzoeleka Mbinga, mwanangu Ignatio alikuwa mbeba magunia katika kiwanda cha kukobolea kahawa kilichotwaliwa na kampuni binafsi. Wenzake wengi walikwisha kupunguzwa kazini. Mgongo ulipoanza kumuuma, aliamini kwamba siku atakapoonekana anabeba kwa kusuasua, ndiyo siku atakayofukuzwa. Kinga pekee aliyoiona ilikuwa ED, yaani cheti cha daktari cha kumpumzisha kazini, na aliitaka ya majuma mawili.

Daktari mwenyewe alikuwa Gaudiosa, mjukuu wangu, binti wa dada yake Ignatio. Niseme wazi kwamba ninajivuna kwa mtoto huyo. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe.

"Baba, mwambie mjukuu wako," Ignatio aliniomba. "Ni kupiga mhuri tu."

"Nilimfundisha kuandika anachokiona," nikamjibu. "Nenda ukapimwe."

Mkewe, Walburga, alicheka akichambua mboga. "Mgongo gani huo, mume wangu? Jumapili kwenye ngoma ya mganda uliinama kuliko vijana."

"Na Jumatatu sikuamka. Hilo hulisemi."

Alikwenda hospitali, akapimwa. Kesho yake Gaudiosa akampelekea barua badala ya cheti. Ignatio aliisoma amesimama, kisha akaitupa mezani pangu.

"Ameniita mwongo. Mtoto niliyembeba mgongoni."

Niliivaa miwani yangu, nikamwamuru aketi, nikamsomea kwa sauti:

"Mjomba, shikamoo. Naamini kwamba unaumwa. Kwa kuwa wewe ni mjomba wangu, nilimwomba Daktari Kilian naye akupime, na tumeona jambo lile lile. Misuli ya upande wa kulia wa kiuno imekaza, na ukiinama sana unaumia. Lakini miguu yako ina nguvu, huna ganzi, huna homa, na mkojo wako ni safi. Hali hii haihitaji ukae nyumbani. Mgongo wa namna hii hupona upesi zaidi ukitembea kuliko ukilala. Kwa hiyo siwezi kukuandikia ED. Nikiandika nisichokiona, cheti cha mgonjwa atakayekuja kesho nacho hakitaaminiwa. Ninachoweza kuthibitisha ni hiki: ulifika hospitali jana, na kwa majuma mawili usiinue gunia kutoka chini peke yako. Kazi nyingine unaiweza. Ukipata ganzi au mguu ukalegea, au ukishindwa kukojoa, rudi siku hiyo hiyo, hata usiku. Barua hii ni yako, utamwonyesha umtakaye."

"Ni wapi alipokuita mwongo?" nikamuuliza.

Nikamkabidhi barua.

"Soma mstari wa pili."

"Naamini kwamba unaumwa," akasoma, polepole, kama mwanafunzi aliyerudishwa ubaoni.

"Basi kuumwa ni kwako, na kupima ni kwake. Hajakunyang'anya chako."

"Lakini kazi, baba? Nikimwambia meneja sibebi gunia, atanifungulia geti."

Hata hivyo, hakuwa na karatasi nyingine ya kueleza alikokuwa siku ile ya kupimwa. Asubuhi akaichukua barua, akaenda nayo kiwandani.

Aliyoyakuta huko alinisimulia mwenyewe. Meneja, Bwana Frederick, alikuwa na bahasha imejaa ED zilizonunuliwa vichochoroni, na hakuwa akiamini hata moja. Alipomwona Ignatio na karatasi akasema bila kuinua macho, "Na wewe umeinunua wapi?"

"Hii sikuinunua, bosi. Hii nimenyimwa."

Wachambuaji wa kahawa waliokuwa mlangoni wakacheka. Meneja akaipokea, akaisoma mara mbili.

"Huyu daktari ni nani wako?"

"Mpwa wangu. Binti wa dada yangu."

"Amekunyima wewe, mjomba wake?"

"Ameninyima, bosi. Bila haya."

Meneja akaikunja barua kwa adabu, akamrudishia. "Mtu anayemnyima mjomba wake, akiandika 'ndiyo', nitamwamini. Majuma haya mawili utashona midomo ya magunia. Kubeba watabeba wengine."

Juma lile lile Notburga, mchambuaji mmoja, alipeleka ED ya Gaudiosa kwa ajili ya homa ya mapafu. Ilipokelewa pale pale, pasipo swali, naye akalala kitandani bila hofu ya kufukuzwa.

Mgongo wa Ignatio ulipona kabla ya sindano ya magunia kumchosha. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alimwona Gaudiosa uwanjani mwa kanisa, akavua kofia mbele ya watu wote.

"Shikamoo, daktari."

"Mjomba, unanitia aibu."

"Itikia kwanza. Mimi nimeitikia ya kwako tangu ulipokuwa huna meno."

"Marahaba," akasema Gaudiosa, na uwanja mzima ukacheka. Nami, ambaye si mtu wa kucheka kanisani, nilicheka.