Wewe Unayemwaga Maji

Mwaka 2007 Thuwaiba alikuwa hashikiki. Alikuwa na blogu! Watu walikuwa bado wanauliza hiyo blogu inaliwa au inavaliwa, yeye ana yake, ameipa jina Jiko la Mkunazini, na kila akitoka kazini hupitia duka la intaneti la Zahor kuangalia nani kamwandikia maoni. Siku akikuta maoni mapya, mtaa mzima wa Mkunazini hujua, maana hurudi nyumbani mbio mbio, buibui linapepea, anamwita mama yake kuanzia mlangoni.

"Mama! Kuna mtu Toronto kapika mkate wetu wa kumimina!"

"Umetoka?" Bi Dalal huuliza. Yeye ndiye mpishi. Mtoto ni wa kuandika tu.

Mara ya kwanza haukutoka. Thuwaiba alikuwa ameandika kama mama yake anavyosema: "Mimi natia tui mpaka naona limetosha, kisha nasubiri mpaka naona umeumuka." Yule wa Toronto akajibu kwa hasira: "Wewe unaona. Mimi niko huku, nitaona nini?" Thuwaiba akacheka mpaka akatokwa machozi, lakini akamwelewa. Anayepika ni msomaji, mikono ni yake. Akafuta zile "mimi" zote akaandika upya: loweka mchele usiku kucha, usage na tui zito, hamira na iliki, uache mpaka uone mapovu juu na rojo limepanda. Wiki haikupita, picha ikaja: mkate mwekundu juu, mweupe ndani, wa Toronto!

Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Akaona kumbe siri yote ni kumwambia msomaji "wewe". Basi akaigeuza blogu nzima. Hata kisa cha siku alipoteleza sokoni Darajani na kapu la mayai akakiandika hivyo: "Unashuka, unateleza, mayai yanakupasukia." Msomaji wa Maskati akamwandikia, "Dada, mimi sijateleza popote, na mayai sina." Zahor akalisoma jibu lile kwa sauti, duka zima likacheka. Thuwaiba akakirudisha kisa katika mimi siku ile ile, lakini somo lenyewe halikumwingia vizuri. Alikuwa na mengine kichwani.

Alikuwa na Mahfoudh. Mahfoudh, kijana wa ghorofa ya juu, ng'ambo ya kichochoro, mpole, anayetabasamu kabla hajasema. Mama yake, Bi Muzdalifa, mzaliwa wa Makunduchi huko shamba, alikuwa ameshamnong'oneza Bi Dalal: Ijumaa watakuja kuposa. Thuwaiba alikuwa akilisikia jina la Ijumaa moyo unamruka. Alimtaka Mahfoudh, tena alimtaka sana, na hakumwambia mtu isipokuwa mto wake.

Sasa, Jumanne ya wiki hiyo hiyo, akipita kichochoroni na buibui jipya, ndoo nzima ya maji ya vyombo ikamshukia kutoka juu. Loo! Akatazama huku na huku, madirisha yote kimya. Akaenda kwa Zahor vile vile anadondoka maji, akaandika makala ya maoni:

"Wewe unayemwaga maji kutoka ghorofani! Wewe huna macho? Wewe hujui kuwa chini kuna watu? Hapa mjini, si shamba!"

Wallahi hakuwa na mtu akilini. Alikuwa akiusema mji mzima. Akaiweka kwenye blogu, akajisikia mwepesi, akaenda kubadilisha nguo.

Ijumaa ikaja. Bi Dalal alishatandika kitambaa kipya, ubani umefukizwa, kahawa iko tayari. Alasiri ikapita, magharibi ikaadhiniwa, hapakuja mtu. Simu ya Thuwaiba ikalia, ujumbe wa Mahfoudh: "Mama kasusa. Mimi ndiye niliyemsomea ile makala, nilidhani itamchekesha. Anasema umempiga kijembe, tena umemtukania Makunduchi."

Thuwaiba akausoma mara mbili. Kijembe! Kwani yeye ni mgeni wa mji huu? Si anajua kuwa mwanamke akivaa kanga yenye maneno ya wewe, kila jirani huisoma akajiuliza ananisema mimi? Na yeye kaandika wewe mara tatu akatia na shamba!

Hakungoja. Akavuka kichochoro, akapanda ngazi mbili mbili, akabisha.

"Hodi!"

"Nani?" sauti ya Bi Muzdalifa ikatoka ndani.

"Shikamoo Bi. Ni mimi, Thuwaiba."

"Marahaba. Huyo mimi simjui. Ninayemjua ni yule wa wewe, wewe, wewe."

Mlango haukufunguliwa. Thuwaiba akasimama pale uso unamwaka, kisha, jamani, akaanza kucheka peke yake mlangoni kwa watu. Kumbe somo ndilo hilo! Mkate ni wa msomaji, mwambie wewe fanya hivi. Kuteleza ni kwake, aseme mimi niliteleza. Na maoni? Maoni ni ya nani kama si yake mwenyewe? Aliyerowa nani? Kaandika makala nzima ya kurowa, na yeye mwenyewe hamo ndani!

Akateremka mbio mpaka kwa Zahor, ambaye alikuwa ameshika kufuli anataka kufunga.

"Zahor, ndugu yangu, nipe mashine moja!"

"Nnafunga, Thuwaiba."

"Ukifunga sitaolewa!"

Zahor akafungua.

Akaiondoa ile makala, akaweka nyingine: "Jumanne niliandika wewe nikamwelekezea kidole kila mtu, nikataja shamba kama tusi. Nimekosa, naomba radhi. Nilichotaka kusema ni hiki. Mimi Thuwaiba nakaa chini. Maji yakimwagwa, ninayerowa ni mimi. Buibui lilikuwa jipya, nililinunua kwa ajili ya siku ninayoingoja kwa hamu, na nililia. Mimi naona tungekuwa tunachungulia kabla ya kumwaga. Hayo ni maoni yangu, anayeona vingine aniambie." Akabonyeza, akafumba macho. Kisha akampelekea Mahfoudh ujumbe wa neno moja: "Msomee."

Siku zilizofuata hakula vizuri. Bi Dalal akamwambia aache kuzunguka nyumba, anamtia kizunguzungu. Mpaka Ijumaa nyingine, mara baada ya alasiri, hodi ikapigwa.

Bi Muzdalifa aliingia amevaa kanga mpya, nyuma yake Mahfoudh ameinamisha kichwa, na mkononi mwa bibi huyo kuna sahani imefunikwa kawa. Akaifunua. Mkate wa kumimina, mwekundu juu, umetoka mzima.

"Nimeupika kwa maneno yako," akamwambia Thuwaiba. "Umeniambia loweka, nimeloweka. Umeniambia ngoja mapovu, nimengoja. Hapo sikukasirika, nilikuona uko na mie jikoni."

Bi Dalal akaanza kumkaribisha, lakini mgeni akainua mkono.

"Ngoja, Dalal, sijamaliza. Ile ndoo." Akameza mate. "Ile ndoo ilikuwa yangu. Nilimwaga bila kuchungulia. Nilipoambiwa wewe, nilikasirika nikakataa hata moyoni kuwa ni mie. Alipokuja na mimi yake, nikaona aibu. Basi mie nshasema yangu. Na mie ndiye ninayeposa, kwa mwanangu." Akamgeukia Thuwaiba, macho yanacheka. "Sasa wewe."

Bi Dalal akamkanyaga binti yake mguu kwa siri, maana mwari hujibu kwa kuinama na kunyamaza, na kimya chake ndicho kukubali kwake. Hivyo ndivyo walivyofanya mama zake wote.

Thuwaiba akainua uso.

"Mimi," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka Mahfoudh akashtuka, "nnamtaka."